Neno Que na Pengo la Sentensi

Anayefungua kitabu cha mazoezi ya sarufi ya Kireno, akishafika sura za kati, hukutana na sentensi zenye pengo, na kando ya pengo kuna kitenzi kilichofungiwa ndani ya mabano, hakina nafsi wala wakati. Anatakiwa akipe umbo lake. Mazoezi hayo huonekana kama kazi ya watoto, na pengine ndiyo maana washairi hawayaandiki habari zake. Mimi nimekaa nayo kwa miaka kadhaa, na liko jozi moja la sentensi ambalo naliona lina mambo mengi kuliko sura nzima za nadharia:

O pai sai cedo para nós ______ (ter) pão.
O pai sai cedo para que nós ______ (ter) pão.

Kwa Kiswahili zote mbili ni moja: baba hutoka mapema ili tuwe na mkate. Kwa Kireno, pengo la kwanza hujazwa termos, na la pili hujazwa tenhamos. Kitenzi ni kilekile, mtendaji ni yuleyule, maana haijasogea hata kidogo. Kilichobadilika ni neno moja fupi, que, lililokaa kabla ya nós katika sentensi ya pili.

Umbo la pili, tenhamos, halimshangazi Mswahili. Hiyo ni hali tegemezi, ambayo sisi tunaipata kwa kugeuza irabu ya mwisho: asema, aseme; wanafika, wafike. Kireno nacho hugeuza irabu. Vitenzi vinavyoishia kwa -ar huchukua e, kwa hiyo falar, kusema, huzaa fale, fales, fale, falemos, falem. Hapo mtu wetu hujihisi yuko nyumbani. Lakini vinavyoishia kwa -er na -ir huchukua a: comer, kula, huzaa coma, na partir, kuondoka, huzaa parta. Yaani kila kundi huazima irabu ya jirani yake. Mizizi yenyewe hutoka katika nafsi ya kwanza ya wakati uliopo: ukijua kusema tenho, nina, unajua kusema tenha, ukijua faço, nafanya, unajua faça. Vipo vichache visivyofuata njia hiyo, kama seja, esteja, vá, saiba, dê, queira na haja, na hivyo ni vya kukariri tu.

Umbo la kwanza, termos, ndilo geni. Hicho ni kitenzi-jina, sawa na kuwa au kusema kwetu, lakini kimevaa nafsi. Falar ni kusema. Falares ni wewe kusema, falarmos ni sisi kusema, falarem ni wao kusema. Nafsi ya kwanza na ya tatu ya umoja hazivai kitu, hubaki falar vilevile. Umbo la vós, falardes, vitabu vingi vya mazoezi huliacha, kwa kuwa halisikiki tena katika mazungumzo ya kawaida ya watu wengi. Kigalisia, ndugu wa Kireno, kinalo jambo hili. Kihispania cha leo hakina mnyambuliko huo, na anayehama kutoka Kihispania kwenda Kireno huukwepa kwa miaka mingi, akiandika para que kila mahali. Hakosei, ila huzungumza kama mtu avaaye koti kila siku hata kama hakuna baridi.

Sisi hatuna kitenzi-jina chenye kiambishi cha nafsi, lakini tunalo jambo lililo karibu nacho sana. Tunasema kabla ya kufika, na tukitaka kumtaja mfikaji, tunasema kabla ya sisi kufika, au kabla ya kufika kwetu. Mreno huyashika yote kwa neno moja: antes de chegarmos. Ile -mos ya mwisho ndiyo sisi yetu, imebebwa mgongoni mwa kitenzi badala ya kutembea kando yake.

Niseme kwa nini jambo hili limenikalia moyoni. Mama yangu mdogo aliolewa ng'ambo ya Ruvuma. Kimakonde husikika pande zote mbili za mto, lakini watoto wake, ambao kwa desturi yetu ni ndugu zangu na si binamu, walisomea shule za Msumbiji, na kalamu yao inajua Kireno tu. Kwa mdomo tunaelewana kwa Kimakonde chao na Kiswahili changu kilichochanganyika. Kwa maandishi, ama mimi niandike Kireno, ama tunyamaze. Bibi yetu alipoanza kuugua, barua zikawa si za salamu tena. Nani aje, lini, nani asubiri, nani asiambiwe: hayo yote, msomaji akiyatazama, ni mambo ya hali tegemezi na ya kitenzi-jina. Mtu anayekoroga nafsi katika barua ya namna hiyo anaweza kumleta hospitalini mtu asiyehusika na kumwacha nyumbani yule aliyeitwa. Ndipo nikarudi kwenye mapengo.

Jambo la kwanza la kutazama ni que. Likiwa limesimama kabla ya kishazi chenye pengo, kitenzi-jina hakiwezi kuingia. Pengo linataka kitenzi kilichokamilika kwa wakati na hali. Lisipokuwapo, na badala yake kuna kihusishi kama para, sem, até, antes de, depois de, apesar de au no caso de, basi kitenzi-jina ndicho kinachotakiwa. Maneno mengi huja kwa jozi, moja likiwa na que na jingine bila: para na para que, sem na sem que, até na até que, antes de na antes que. Vivyo hivyo sentensi za hukumu: é importante vocês chegarem, na é importante que vocês cheguem.

Kwa msemaji wa Kiswahili shida iko hapohapo, kwa sababu lugha yetu haihitaji que. Tunasema nataka waje, ni lazima twende, ni afadhali mtoke. Ile -e peke yake ndiyo mlango. Hakuna kwamba inayotangulia, na aliyesema nataka kwamba waje angechekwa. Basi Mswahili anapojaza mapengo hatafuti que, maana sikio lake halijawahi kulihitaji. Anasoma sentensi yote, anasikia ndani yake waje, na anaandika hali tegemezi hata pale ambapo que haipo. Humtambua mara moja aliyefundwa na Kiswahili kwa kusoma é importante vocês cheguem. Dawa yake ni ya kimakanika: kabla ya kutafsiri lolote, ifunike sentensi yote kwa kidole, uache maneno mawili matatu yaliyo kushoto mwa pengo, na uulize kama que imo.

Ila que haitoshi. Hufungua mlango wa kitenzi kamili, lakini haisemi ni cha hali gani. Sei que eles chegam hoje, najua kwamba wanafika leo, ni hali arifu, kwa kuwa anayejua hutoa habari. Quero que eles cheguem hoje ni hali tegemezi, kwa kuwa anayetaka hatoi habari, anavuta jambo litokee. Acho que ele vem, nadhani anakuja, ni arifu. Likanushe tu, não acho que ele venha, na hali inageuka. Kwa hiyo kuna maswali mawili, na la pili huulizwa tu likishajibiwa la kwanza: que ipo? Na kama ipo, neno linaloitawala linatoa habari, au linataka, linaogopa, linatia shaka, linapima uzuri na ubaya? Ukibadilisha utaratibu wa maswali hayo utapotea, kwa sababu kutaka kuko pia katika sentensi zisizo na que.

Nimetunga kifungu kifupi kwa mfano wa mazoezi ya vitabuni, kwa maneno ya barua zetu. Mabano yana kitenzi, na namba ni za kuturahisishia maelezo.

A avó pede que nós (1 chegar) antes de (2 anoitecer). É melhor vocês (3 sair) já, sem (4 esperar) por mim. Talvez eu (5 ir) mais tarde. Não quero que ela (6 fazer) o jantar sozinha. Quando vocês (7 chegar), ajudem-na a (8 pôr) a mesa e fiquem lá até eu (9 aparecer).

Bibi anaomba tufike kabla ya kuchwa. Ni afadhali ninyi mtoke sasa hivi, bila kuningoja. Huenda mimi nikaja baadaye. Sitaki apike chakula cha jioni peke yake. Mtakapofika, msaidieni kuandika meza, na mkae huko mpaka mimi nitokee.

Pengo la kwanza lina que, na kinachoitawala ni ombi. Jibu ni cheguemos. Ile u imeingizwa kwa ajili ya sauti tu: katika Kireno g mbele ya e hulainika, hivyo u hukaa kati kuilinda g ibaki g. Anayeandika chegemos ameijua sarufi na kuisahau tahajia. Vivyo hivyo ficar huwa fique. Katika usemi wa kila siku utasikia pia pede para chegarmos. Wanasarufi wakali huikubali pale tu inapomaanisha kuomba ruhusa, na mwandishi wa mazoezi mwenye tabia hiyo atakukata alama. Kwa barua za kwetu nadhani ukali huo haufai kitu, lakini ni vizuri kujua kwamba upo.

La pili halina mtu. Kuchwa hakutendwi na yeyote, basi kitenzi-jina hubaki anoitecer. Hapa Mswahili ana mtego wake mwingine. Sisi husema kabla hakujachwa, kwa kukanusha, na kukanusha huko hakutafsiriki. Anayeandika antes que não anoiteça amepeleka Kiswahili ng'ambo bila pasi.

La tatu halina que, na mtendaji ametajwa: vocês saírem. Alama juu ya í ni ya lazima, maana bila hiyo irabu mbili zingesomwa pamoja. Lakini katika sairmos alama hiyo haiwekwi. La nne ndilo lenye uhuru. Wanaongoja ni walewale wanaotoka, hivyo sem esperar inatosha, na sem esperarem nayo ni sahihi. Vitabu hutofautiana hapa, na majibu ya nyuma ya kitabu mara nyingi hutaja moja tu. Ninachofuata mimi ni hiki: mtendaji akiwa mmoja na akiwa karibu, uache kitenzi bila nafsi, akiwa tofauti, au akiwa mbali kiasi cha kuleta shaka, umvishe. Uhuru huo una mpaka: baada ya vitenzi saidizi kama poder na dever nafsi haivishwi kamwe. Podemos sair, tunaweza kutoka, si podemos sairmos, kwani nafsi imeshabebwa na podemos.

La tano halina que lakini lina talvez, na talvez likitangulia kitenzi huita hali tegemezi: talvez eu vá. Kiswahili hapa hakitusaidii, kwa sababu labda na huenda hazidai -e. Tunasema labda nitakuja, huenda nikaja. Ndiyo maana talvez eu vou huandikwa sana na watu wetu. Likihamishwa nyuma ya kitenzi, vou, talvez, mais tarde, shaka huja imechelewa na haibadilishi tena kitu. Napenda kanuni hiyo. Shaka hutawala lile tu ambalo halijatamkwa.

La sita ni faça, kwa que na kwa kukataa kutaka. La saba nitalirudia. La nane ni pôr, na hapo nisizuie kuchepuka kidogo: neno meza tulilipata kwa Wareno hawahawa, kutoka mesa, lakini kuliandika ni kwetu wenyewe, wao huiweka meza, sisi huiandika. Pôr huvaa kofia ili isichanganywe na kihusishi por. Ikivishwa nafsi kofia hudondoka: porem ni wao kuweka. Ukitia alama kwenye e, porém, umesema hata hivyo.

La tisa ndilo huwaudhi wanafunzi. Jibu ni aparecer, kama lilivyo katika mabano. Nafsi ya kwanza ya umoja haivai kiambishi, kwa hiyo pengo linajazwa kwa neno lisilobadilika, na mwanafunzi mwaminifu hulifuta akidhani hakufanya kazi. Msemaji wa Kiswahili asingepaswa kushtuka. Sisi tuna safiri na jibu na fikiri, vitenzi vilivyotoka Kiarabu, ambavyo katika hali tegemezi hukataa kugeuza irabu ya mwisho: asafiri, tujibu. Umbo halikubadilika, lakini kazi imefanyika.

Narudi kwa la saba, chegarem. Ukiliangalia ni kitenzi-jina chenye nafsi ya wao, na mwanafunzi huliandika bila kufikiri na kupata alama. Amepata kwa bahati. Quando inayozungumzia jambo lijalo huita umbo la tatu, hali tegemezi ya wakati ujao, ambayo huja pia baada ya se na assim que. Kwa vitenzi vya kawaida umbo hilo na kitenzi-jina chenye nafsi havitofautiki hata kwa herufi moja. Mazoezi yenye chegar na falar hayawezi kukuonyesha kwamba hujui. Ili ujipime, ng'oa kitenzi cha kawaida na upande fazer mahali pake: para vocês fazerem, ili mfanye, lakini quando vocês fizerem, mtakapofanya. Au ter: para termos, lakini quando tivermos. Hapo mashina yanatengana.

Jozi gumu kuliko yote ni ver, kuona, na vir, kuja. Vitenzi-jina vyake ni vermos, sisi kuona, na virmos, sisi kuja. Lakini katika wakati ujao wa hali tegemezi ver huacha irabu yake na kuvaa ya mwenzake: quando virmos o rio ni tutakapouona mto. Na vir, aliyenyang'anywa umbo, huhamia kwingine: quando viermos ao rio, tutakapokuja mtoni. Basi virmos ni neno moja lenye watu wawili ndani yake. É bom virmos, ni vyema tuje. Se virmos, tukiona. Ndugu yangu wa ng'ambo aliniandikia mara moja kwamba wangeamua habari ya bibi quando a virmos, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kupita katika mapengo ya aina hiyo, nilijua anasema watakapomwona. Hiyo a ndogo ya kumtendwa isingekaa na kuja. Hata wenyeji wa lugha hujikwaa hapa. Se eu ver husikika sana vinywani, ingawa sarufi hudai se eu vir.

Kuna jambo la wakati ambalo karatasi zenye kichwa cha wakati uliopo hulificha. Baba hutoka mapema ili tuwe na mkate. Baba alitoka mapema ili tuwe na mkate. Kwetu ili tuwe haijali baba alitoka lini. Kireno hujali pale penye que: sai cedo para que tenhamos, lakini saiu cedo para que tivéssemos. Kitenzi-jina hakijali: sai cedo para termos, saiu cedo para termos. Kwa tabia, basi, hali tegemezi yetu inafanana zaidi na kitenzi-jina chao chenye nafsi kuliko na hali tegemezi yao, ijapokuwa kwa jina na kwa irabu ingeonekana kinyume. Tangu nilipoliona hilo, ninapoandika habari za jana huanza kwa para bila que, na sulubu ya nyakati hunipungukia.

Kwa wenzangu wa mizani, neno moja la mwisho. Ili tuwe na mkate ina mizani minane, kipande kamili cha mshororo wetu wa kumi na sita. Para que nós tenhamos pão ina minane pia. Ukiitoa nós, ambayo kiambishi -mos kinaifanya isihitajike, unabaki na para que tenhamos pão, saba kwa hesabu ya Kireno, inayokomea kwenye silabi ya mwisho yenye mkazo. Na saba ndiyo mizani ya ushairi wao wa kimapokeo wa watu wa kawaida. Para termos pão ina mitano. Mtafsiri anayebeba shairi letu kwenda kwao ana vipimo vitatu vya jambo lilelile, na hakuna kati ya hivyo kinachompoteza mtendaji. Ninapotafsiri tenzi za bibi kwa ajili ya wajukuu wake wa Msumbiji, mara nyingi hujaribu kwanza ile ya saba. Ikiwa wakati wa tendo ni uliopita huiacha, kwa kuwa tivéssemos inaongeza silabi nzima, nami hurudi kwenye termos na kutafuta silabi mbili kwingine mstarini.